Methali nne kwa andiko moja: ipi uipandishe nayo mimbarini ukihubiri Mathayo 20?

Mhubiri wa Kiswahili akipewa fumbo la vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16, methali humjia kichwani kabla hajamaliza kusoma. Mimi zilinijia nne. Nimezitumia tatu kati ya hizo kwa nyakati tofauti katika mtaa wetu hapa Dodoma, ambako zabibu na vibarua wake si hadithi ya mbali, na moja iliniharibia mahubiri yote bila mimi kujua. Nataka niziweke ubavu kwa ubavu, maana kwa nje zote zinafaa. Tofauti huonekana unapoirudisha kila moja ndani ya hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anapatana nao dinari moja, ambayo ndiyo ilikuwa ujira wa kutwa. Anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, na mara ya mwisho saa kumi na moja. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu saa za andiko na saa zetu huhesabiwa namna moja, tangu jua lichomoze. Bibi aliyekaa benchi la nyuma anajua bila kuelezwa kwamba aliyeitwa saa kumi na moja amebakiwa na saa moja tu jua lizame. Jioni msimamizi anaambiwa alipe akianzia na wa mwisho. Wa saa kumi na moja wanapokea dinari. Wa alfajiri wanaona, wanapiga hesabu vichwani, wanasogea, wanapokea dinari. Wananung'unika: hawa wamefanya saa moja tu, umewafanya sawa na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa. Mwenye shamba anamjibu mmoja wao kwamba hajamdhulumu, walipatana dinari, achukue chake aende. Kisha anamwuliza: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Sasa methali.

Mchumia juani hulia kivulini

Hii ndiyo niliyoanza nayo miaka kadhaa iliyopita, na sikuona kosa lake. Kuna jua, kuna kazi, kuna ujira wa jioni. Nilisema kutoka mimbarini, "Mchumia juani...", kanisa zima likaitikia, "...hulia kivulini!" Nikaona wazee wanatikisa vichwa. Nikahubiri bidii katika kazi ya Mungu, nikataja wanaofika ibadani wimbo wa pili ukiisha, nikamaliza kwa methali ileile na wakaitikia tena.

Mlangoni, wakati wa kusalimiana, mama mmoja mzee alinishika mkono hakuuachia. Akasema, "Mwinjilisti, leo umenipa haki yangu. Mimi kanisa hili nimelifagia tangu likiwa la nyasi. Hawa waliobatizwa juzi ndio wanapewa uzee wa kanisa, sisi tunaangaliwa tu. Mungu akubariki mwanangu." Nilimjibu, "Amina, mama," nikapokea na baraka.

Ilinichukua mpaka jioni kuelewa nilichokuwa nimefanya. Yule mama alikuwa amesikia vizuri kabisa. Nilichohubiri ndicho alichokisikia, na nilichohubiri kilikuwa maneno ya vibarua wa alfajiri. Soma mstari wa 12 polepole: jua limo, jasho limo, na dai limo kwamba aliyechoma mgongo juani anastahili kula zaidi kivulini. Methali ile ni hoja ya wanung'unikaji, tena imesemwa vizuri kuliko walivyoisema wao. Nilisoma maneno ya mwenye shamba kisha nikasimama upande wa wanaobishana naye, na kanisa likaitikia kwa pamoja.

Ndiyo sababu methali ni kitu cha kuchukulia kwa uangalifu kuliko kisa au mfano mwingine wowote. Ukisimulia kisa cha jirani yako, watu wanakisikiliza. Ukianza methali, wanaimalizia. Iko midomoni mwao tangu utoto, ina mizani yake, ina vipande viwili vinavyoitana, na aliyeimalizia anahisi kwamba amekubali jambo. Mstari wa Mathayo hawaujui kwa moyo, kwa hiyo hauna wa kuuitikia. Vikikutana kimoja kinachoitikiwa na kingine kinachosikilizwa tu, watu wataondoka na kile walichokitamka wenyewe.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi. Methali inasema mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Fumbo hili linasimulia siku moja ambayo mambo hayakwenda kwa kawaida, na nguvu yake yote iko hapo. Mwenye shamba angelipa kwa saa, kusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Ukiibandika kanuni juu ya tukio linaloivunja kanuni, tukio linarudi kuwa la kawaida, na msikilizaji hatajua kamwe kwamba lilitaka kumshtua.

Baada ya siku ile nilijiwekea swali moja, na ndilo ninalolitumia kupima methali zote zinazofuata: *kama methali hii ingesemwa ndani ya hadithi, angeisema nani?* Siangalii kama inafanana na maneno ya andiko. Kufanana ndiko kulikonidanganya.

Kutangulia si kufika

Hii inavutia kwa sababu ya mstari wa mwisho, kwamba wa mwisho watakuwa wa kwanza na wa kwanza watakuwa wa mwisho. Wahubiri vijana wanaipenda. Wengine wanaiunga na "Kawia ufike".

Iweke kwenye kipimo. Katika hadithi angeisema nani? Ukimtafuta, hayupo. Labda kibarua wa saa kumi na moja akitaka kuwacheka wenzake, lakini andiko halijampa maneno ya namna hiyo. Wale wa mwisho wana sentensi moja tu katika hadithi nzima, pale wanapoulizwa kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Basi.

Tatizo la methali hii ni picha inayoileta. Inaleta safari au mbio: mmoja anatangulia, anazubaa au anaanguka njiani, mwingine anampita. Katika Mathayo 20 hakuna aliyezubaa. Wa alfajiri walifika, walifanya kazi mpaka jioni, walilipwa walichopatana senti kwa senti. Hawakupitwa kwa sababu ya uvivu wala majivuno ya njiani. Ukisema "kutangulia si kufika", kanisa litaanza kutafuta kosa la wale wa kwanza katika kazi yao, wakati kosa liliingia baada ya kazi kwisha, walipotazama mkono wa mwenzao.

Na huyu aliyekuja mwisho naye anapotoshwa. Methali inamfanya mjanja aliyejua kwenda polepole. Andiko linamwonyesha mtu aliyekaa kijiweni siku nzima akiombea gari lisimame. Hapa Dodoma, na kila mji wenye kona ya vibarua, tunamjua mtu huyo: amefika na jembe lake au mwiko wake kabla ya saa moja, magari yamechukua wenye nguvu, jua limempanda, na ikifika alasiri anajua nyumbani hawatakula. Hakukawia kwa hiari. Ukimtia katika methali ya mwendo wa polepole umemwongezea dharau juu ya njaa.

Kwa hiyo kati ya hii na ile ya kwanza, ipi ina hatari zaidi? Ya kwanza inapindua maana ya andiko juu chini. Hii ya pili inaisogeza kando kidogo tu, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuigundua. Hakuna mama atakayekushika mkono mlangoni. Watu watasema mahubiri yalikuwa mazuri na wewe utaamini. Mimi naiacha kabisa kwa andiko hili, ingawa kwa Waebrania, penye habari ya kupiga mbio kwa saburi, ningeifikiria tena.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri

Hapa kipimo kinatoa jibu la heshima. Angeisema nani? Mwenye shamba mwenyewe angeweza kuisema, au msimamizi wake akimsifu bwana wake. Methali inahusu wema wa mtoaji, na mstari wa 15 unahusu wema wa mtoaji. Angalau iko upande sahihi wa hadithi.

Ila ina mapungufu mawili. La kwanza ni dogo: methali inasema utoaji hautokani na utajiri, nayo kwa kawaida humtia moyo mwenye kidogo atoe. Mwenye shamba wa Mathayo ana mali, na anasema wazi kwamba anatumia vilivyo vyake apendavyo. Hapo methali na andiko vinasuguana, lakini msuguano huo unaweza kuelezwa kwa sentensi moja.

La pili ni kubwa na linatokana na mazoea yetu. Methali hii imeshakodiwa. Katika makanisa mengi ninayoyajua husemwa wakati wa sadaka, wakati wa harambee ya bati na saruji, wakati wa kumchangia mchungaji anayehama. Nimewahi kuitaja katikati ya mahubiri kuhusu neema, na kwa macho yangu nikamwona baba mmoja wa benchi la pili anapeleka mkono mfukoni. Hakufanya mzaha. Sikio lake lilikuwa limefundishwa kwamba maneno hayo yakitoka, kikapu kiko njiani. Toka hapo kila nilichosema juu ya Mungu anayetoa kilisikika kama utangulizi wa sisi kutoa. Mwelekeo wa andiko uligeuka: badala ya mkono wa mwenye shamba kuja kwetu, mikono yetu ikaenda kwake.

Mhubiri anayehamia mtaa mpya ana kazi ya ziada hapa, kwa sababu kamusi ya methali itampa maana lakini haitamwambia methali hiyo hutumiwa na nani na lini katika kanisa lile. Njia rahisi ni kumwuliza mzee mmoja wa kanisa na kijana mmoja wa kwaya, kila mmoja peke yake, "Ukisikia methali hii unakumbuka nini?" Wakikupa majibu mawili tofauti, ujue Jumapili utakuwa umehubiri mahubiri mawili.

Kijicho

Hii si methali, ni neno tu la kila siku, na ndiyo maana nililiacha mpaka mwisho nilipokuwa natafuta kitu cha kupendezesha masikio. Mama anapomwambia mtoto aliyenuna kwa sababu mdogo wake amepewa kipande kikubwa cha muhogo, "Acha kijicho," anasema jambo lilelile ambalo mwenye shamba anamwambia kibarua wake. Andiko linasema jicho limekuwa ovu. Kiswahili tayari kina jicho hilo, tena kimelipunguza likawa jicho dogo, la pembeni, linalotazama sahani ya mwenzio.

Tena si mimi niliyeligundua. Katika Biblia ya Union Version, Marko 7:22, Yesu anapoorodhesha yatokayo ndani ya mtu, neno "kijicho" limo, na katika Kigiriki pale pana maneno yaleyale ya jicho baya yaliyoko Mathayo 20:15. Watafsiri walipofika kwa Marko walichukua usemi wa watu. Walipofika kwa Mathayo walibakiza picha ya jicho lililo ovu, kwa sababu pale linafanya kazi pamoja na wema wa yule mtoaji. Ukiyasoma yote mawili kwa kanisa, mstari mmoja unafafanua mwingine, na wewe hujaongeza chochote.

Kipimo: angelisema nani? Mwenye shamba, na kweli analisema. Hakuna la kubahatisha.

Linacho kikomo chake. Ukitamka "jicho baya" badala ya "kijicho", wasikilizaji wengi hawatasikia wivu. Watasikia jicho la hasidi, lile linalofanya mtoto aharishe na ng'ombe akauke maziwa, na mahubiri yataishia kwenye hirizi na maombi ya kuvunja laana. Kwa hiyo shika neno dogo, na lipe sahani au dinari ya kulitazama mara moja, kabla mawazo ya watu hayajaenda kwa mganga. Pia halina mwitikio. Hakuna atakayekumalizia sentensi, na mhubiri aliyezoea kuitikiwa ataona kanisa limepoa. Limetulia tu kwa sababu linasikiliza.

Mahali pa kuiweka

Kuchagua methali ni nusu ya kazi. Methali ileile hubadilika ikihamishwa mahali katika mahubiri, na hapa ndipo ile ya kwanza, niliyoilaumu sana, inapopata nafasi yake.

Ukiiweka mwisho, methali yoyote inakuwa hukumu. Ndilo neno watu wanalotoka nalo, na kama nilivyosema, wanatoka wamelitamka wenyewe. Kwa mahubiri ya andiko, mwisho ni mahali pa mstari wa andiko. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Kila mara nilipoivunja kanuni hii nilijuta.

Ukiiweka mwanzo, methali inakuwa miwani. Kila mstari utakaosomwa utasomwa kupitia kwake. Kama methali na andiko vinakubaliana, unapata mlango mzuri na watu wanaingia haraka. Kama havikubaliani, huna namna ya kuwavua miwani hiyo baadaye isipokuwa uwaambie waziwazi kwamba unaivua.

Na hapo ndipo njia ya tatu inapoingia, ambayo kwa Mathayo 20 ndiyo naiona bora kwa mhubiri anayetaka methali kwa lazima: mpe methali mmoja wa watu wa hadithi, kisha acha andiko limjibu. Yesu mwenyewe anafanya hivyo Luka 4:23, kule Nazareti. Anasema hapana shaka mtaniambia mithali hii, "Tabibu, jiponye nafsi yako." Hakuitumia kama hoja yake. Aliitoa midomoni mwao kabla hawajaisema, akaiweka mezani, akaendelea na habari ya mjane wa Sarepta na Naamani Mshami. Na Ezekieli 18 inakwenda mbali zaidi. Watu wa Israeli walikuwa na mithali kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Bwana anainukuu mithali hiyo nzima, kisha anaapa kwamba hawatakuwa na sababu ya kuitumia tena. Mithali imekaribishwa katika andiko, imesemwa yote bila kukatwa, na imekataliwa. Anayedhani kila methali iliyoandikwa ndani ya Biblia inakubaliwa na Biblia aanzie hapo.

Hebu nionyeshe nilivyoifanya mara ya pili. Nilisoma mpaka mstari wa 10, vibarua wa alfajiri wanasogea kwa msimamizi. Nikafunga Biblia kidole kikiwa ndani. Nikasema, "Wale wa alfajiri walikuwa na methali yao moyoni, na ninyi mnaijua. Mchumia juani..." Wakaitikia. Nikawauliza, "Ni kweli au si kweli?" Wakasema kweli. Nikasema, "Na mimi nasema ni kweli. Ndiyo inayotulimisha mahindi. Sasa sikilizeni mwenye shamba anavyoijibu." Nikafungua, nikasoma kuanzia wa 11 hadi wa 15 bila kuongeza neno. Kukawa kimya. Ule ukimya sikuupata mara ya kwanza, na uliletwa na methali: kwa kuwa walikuwa wameitikia, jibu la mwenye shamba liliwaangukia wao, halikuwaangukia Mafarisayo wala watu wa kale.

Angalia kwamba sikuwaambia methali ni ya uongo. Ukiitukana methali mimbarini unawatukana waliowalea kwa hiyo, na watu watakupinga kimoyomoyo mpaka amina ya mwisho. Methali inabaki kweli shambani. Hadithi inasema tu kwamba ufalme haulipi kwa kipimo hicho.

Kuna kishawishi kimoja katika njia hii ambacho nakiri nilikaribia kukifuata. "Hulia" katika methali hii ni kula. Ni mtu anayelia chakula chake kivulini. Lakini watoto wengi, na watu wazima wasio wachache, husikia kulia kwa machozi, na hujiuliza kwa nini aliyefanya kazi analia. Katika Mathayo 20 maana zote mbili zinaingia: wale waliochumia juani walifika kivulini jioni, wakapata cha kula, na wakalia. Ni mchezo mtamu wa maneno. Niliwasimulia kikundi cha vijana katikati ya juma, wakacheka sana, na wiki iliyofuata nilipowauliza fumbo lilihusu nini walikumbuka kulia na kulia, dinari hawakuikumbuka. Jumapili sikuusema. Ningekuwa nafundisha darasa dogo penye nafasi ya kuulizana, ningeusema tena.

Mithali ya Biblia nayo?

Mtu anaweza kudhani suluhisho ni kuacha methali za wahenga na kutumia kitabu cha Mithali. Jaribu. Mithali 10:4 inasema atendaye kwa mkono mlegevu huwa maskini, na mkono wa mwenye bidii hutajirisha. Iweke kando ya vibarua wa saa kumi na moja, uone kama haifanyi kosa lilelile la mchumia juani. Itawafanya wavivu watu ambao andiko linasema hawakuajiriwa. Mithali 10:4 ni neno la Mungu, na ni kweli mahali pake, lakini inasema mambo yanavyokwenda kwa kawaida, kama methali zote. Kipimo ni kilekile: angeisema nani? Na jibu ni lilelile, wa alfajiri.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni maneno ya kutangulizia. "Wahenga walisema" na "Andiko linasema" yasikaribiane sana katika sentensi moja, kwa sababu sikio halioni alama za kunukuu. Nimesikia wakristo waaminifu wakiitafuta "Jisaidie, Mungu akusaidie" katika kitabu cha Mithali, na wengine wakiapa kwamba "Haraka haraka haina baraka" ni ya Sulemani. Hawakujifunza hayo shuleni. Waliyasikia mimbarini, sauti ileile, mkono uleule ukiwa umeinua Biblia ileile. Mimi sasa nikitaja methali naweka Biblia chini kwenye mimbari kwanza. Ni tendo dogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza sababu, lakini limenisaidia hata mimi kukumbuka nani anazungumza.

Basi uchague ipi?

Ukiwa na dakika kumi tu na kanisa lenye watoto wengi, chukua kijicho, na muhogo wako au chapati yako ya mfano, achana na methali. Ukiwa na dakika ishirini na tano na kanisa la wazee wanaojuana kwa miaka, hasa lenye manung'uniko ya nani alitangulia kujenga, chukua mchumia juani, lakini uwape vibarua wa alfajiri waiseme, na uhakikishe umesoma jibu la mwenye shamba mara baada ya mwitikio, kabla hujatoa maelezo yoyote. Kutoa ni moyo iweke akiba mpaka siku isiyo na harambee, kama unayo. Kutangulia si kufika iache.

Na kama hujui kanisa lako liko wapi kati ya hayo, soma Mathayo 19:27 kabla ya kuamua. Fumbo lote linatokana na swali la Petro: sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Huyo ni mtu wa alfajiri anayeuliza malipo yake mapema. Kama swali hilo linasikika katika vikao vya wazee wako, unajua methali gani tayari iko hewani hata kabla hujapanda mimbarini.

Yule mama alikuwepo mara ya pili. Mlangoni alinipa mkono, akauachia upesi, akasema, "Mwinjilisti, leo hukunitetea." Kisha akaenda akawasaidia wale mabinti wapya kukunja vitambaa vya meza. Katika Biblia yangu, pembeni mwa mstari wa 12, nimeandika kwa penseli: mchumia juani, na mbele yake nukta mbili na jina la msemaji, *wa alfajiri*.